Mwache Avute, Ana Mawazo

Kuna sentensi moja ninayoipiga vita. Nimeisikia Milola tangu utotoni, nimeisikia Lindi mjini, na nimeisikia kwenye vyumba vya matibabu, ikisemwa na watu waliovaa koti jeupe kama langu. Mtu amefiwa, au amevunja ndoa, au ufuta wake umeliwa na mvua, amekaa kwenye mkeka uani anavuta sigara ya nane kabla ya adhuhuri. Kijana mmoja anataka kumwambia apunguze, na mzee anamzuia kwa upole: mwache avute, ana mawazo.

Inasemwa kwa huruma, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Ingesemwa kwa dharau tungeipinga wenyewe. Lakini imevaa kanzu ya utu, kwa hiyo hakuna anayeikagua. Mimi ni ofisa tabibu, mzaliwa wa Milola, na nataka tuikague.

Sentensi hiyo inadai mambo mawili. La kwanza ni kwamba sigara hupunguza mawazo. La pili ni kwamba mtu mwenye mawazo hawezi kuacha, hivyo kumwambia aache ni kumwonea. Dai la kwanza si kweli. Dai la pili ni nusu ukweli, na nusu hiyo tumeitumia vibaya.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu "mawazo" hubeba mizigo mingi. Mtu akisema ana mawazo anaweza kuwa na huzuni ya kawaida ya binadamu, anaweza kuwa na wasiwasi usiokatika, au anaweza kuwa na sonona: wiki mbili au zaidi za moyo mzito karibu kila siku, kukosa hamu ya vitu alivyovipenda, usingizi kuharibika, mwili kuchoka bila kazi, kujiona hana thamani. Watu walio katika makundi haya mawili ya mwisho huvuta zaidi kuliko wengine. Huvuta nyingi kwa siku, huvuta kwa nguvu zaidi, na wakijaribu kuacha hurudi haraka. Jambo hili limeonekana nchi kwa nchi, kwa hiyo si la kubishania. La kubishania ni sababu yake.

Maelezo ya mtaani ni kwamba sigara ni dawa yao. Nami nasema hivi: kama mnataka kujua sigara inatibu nini, msiende maabara, nendeni barazani wakati wa Ramadhani.

Hapa kwetu mvutaji anayefunga hula daku, huvuta sigara yake ya mwisho kabla ya adhana ya alfajiri, halafu hukaa mpaka magharibi, yaani takriban saa kumi na tatu. Nikotini haikai mwilini muda mrefu. Kila baada ya saa mbili hivi kiasi kilichomo kwenye damu hupungua kwa nusu. Fanya hesabu: ikifika saa nne asubuhi amebaki na robo au pungufu, ikifika alasiri amebaki na tone. Na ndiyo saa tunayoijua sote. Alasiri ndipo fundi baiskeli anapomfokea mteja, ndipo baba anapompiga mtoto kwa kosa la kumwaga maji, ndipo mtu anapokaa peke yake akisema dunia imemchosha. Tunasema swaumu imempanda. Lakini mkewe amefunga saa zilezile, amepika futari juu ya moto akiwa na njaa ileile, na swaumu yake haijampanda kiasi hicho. Kilichompanda mume ni arosto.

Kisha adhana inaadhiniwa. Anakula tende, anakunywa uji, anatoka nje, anawasha. Nikotini hufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde kumi hadi ishirini. Mabega yanashuka, uso unafunguka, anamwita mtoto aliyempiga na kumpakata. Ukimuuliza atakuapia kwamba sigara imemtuliza. Ni kweli imemtuliza, ila imetuliza kitu ambacho yenyewe ilikileta. Ni sawa na mtu anayekuuma halafu anakupuliza kidonda, nawe unamshukuru kwa kupuliza.

Nje ya Ramadhani mzunguko ni uleule, ila umefupishwa hauonekani. Badala ya saa kumi na tatu ni saa moja au mbili. Sigara inaisha, nikotini inashuka, wasiwasi unapanda kidogo, hasira inapanda kidogo, moyo unakuwa mzito kidogo, anawasha nyingine. Mtu asiye na sonona hulitambua hilo kama hamu ya sigara tu. Lakini mtu mwenye sonona au wasiwasi hana namna ya kulitambua, kwa sababu dalili za arosto na dalili za ugonjwa wake zinafanana kama pacha: kukosa utulivu, moyo kushuka, usingizi kukatika, kushindwa kutuliza akili. Kila arosto ndogo ya mchana anaihesabu kuwa ni mawazo yake yamerudi. Na kila sigara inayoiondoa anaihesabu kuwa ni dawa ya mawazo. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuvuta zaidi.

Sababu ya pili iko ndani ya sonona yenyewe. Sonona huondoa ladha. Bao halinogi, mpira haunogi, chakula kinatafunwa kama makapi. Nikotini hufungua kwenye ubongo kemikali iitwayo dopamini, ile inayotuambia kwamba jambo hili ni zuri, lirudie. Kwa mtu mwenye raha kumi kwa siku, hiyo ni raha ya kumi na moja. Kwa mtu ambaye raha zote zimekufa, ni ile moja iliyobaki, na inauzwa moja moja dukani. Ukimnyang'anya bila kumrudishia nyingine, atarudi kuifuata, na usishangae.

Wazo hili la sigara kutibu mawazo lina marafiki matajiri pia. Hans Selye, mwanasayansi wa Kanada ambaye utafiti wake ndio ulioeneza neno stresi duniani, alilipwa fedha na viwanda vya tumbaku vya Marekani, na mwaka 1969 alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Kanada kutetea sigara kama njia ya kukabiliana na stresi. Mambo hayo yalijulikana vizuri baada ya nyaraka za viwanda hivyo kufunguliwa kwa amri za mahakama. Sisemi wazee wa Milola walisoma Selye. Nasema kwamba sentensi tunayoidhani ni hekima ya baraza imekuwa pia bidhaa iliyolipiwa.

Sasa sikiliza upande wa pili wa hesabu. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 26 zilizowafuatilia wavutaji. Waliolinganishwa ni walioacha na walioendelea. Walioacha walikuwa na sonona kidogo zaidi, wasiwasi kidogo zaidi na stresi kidogo zaidi kuliko walioendelea, na nafuu hiyo ilionekana kwa wenye magonjwa ya akili na wasio nayo. Ukubwa wake ulilingana na nafuu inayopatikana kwa dawa za sonona. Hizi ni tafiti za kufuatilia watu, kwa hiyo haziwezi peke yake kuthibitisha kwamba kuacha ndiko kulikoleta nafuu yote. Lakini zinatosha kuliangusha dai kwamba kumwachisha mgonjwa sigara ni kumwongezea ugonjwa.

Mbona basi Ramadhani haiwaachishi watu? Hili ni swali ambalo vijana wengi huniuliza kwa kejeli, na jibu lake ndilo ufunguo wa mambo yote. Arosto ya nikotini huwa kali zaidi katika siku mbili tatu za kwanza, kisha hupungua polepole kwa wiki mbili hadi nne. Mfungaji anayevuta usiku huianza siku ya kwanza ya arosto kila alfajiri, na kila magharibi anaifuta. Amepanda mlango wa kilima mara thelathini bila kufika kileleni hata mara moja. Mwisho wa mwezi anachokijua kuhusu kuacha ni sehemu yake mbaya tu. Na mtu mwenye sonona, ambaye kwake sehemu hiyo huwa chungu zaidi, anatoka amejiridhisha kwamba hawezi.

Nieleze habari za mtu mmoja, kaka wa mama yangu, aliyeniruhusu kuandika bila jina. Nani hajui mjomba ana uzito gani kwetu Wamwera. Alifiwa na mkewe mwaka 2023. Alikuwa anavuta sigara tano kwa siku, akafika kumi na nne. Kwa shilingi 200 kila moja, hizo ni shilingi 2,800 kwa siku, 84,000 kwa mwezi, kutoka kwa mtu anayesubiri mnada wa ufuta. Alikuwa akiamka saa tisa za usiku, na kabla ya kunawa uso anawasha. Familia nzima ilisema ile sentensi.

Februari 2024 nilimpeleka kwa mwenzangu, maana kumtibu mjomba wako mwenyewe si vizuri. Aliulizwa maswali tisa ya kupima sonona, yale ambayo kila jibu hupewa alama sifuri hadi tatu. Jumla ya juu ni 27, na kuanzia 10 tabibu huanza kuchukulia kwa uzito. Yeye alipata 17. Alianzishiwa fluoksetini, kidonge kimoja kwa siku, na akaambiwa ukweli kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa.

Hapo ndipo wengi wetu tungeishia. Tungesema tutibu sonona kwanza, sigara baadaye, na hiyo baadaye haifiki. Mwenzangu alimuuliza swali moja zaidi: sigara ya kwanza unavuta muda gani baada ya kuamka? Anayevuta ndani ya nusu saa ana uraibu mzito, na nia peke yake haitamtosha. Swali hilo halihitaji kipimo wala umeme. Nashangaa kwa nini haliulizwi kila mahali sonona inapotibiwa.

Ramadhani ilianza Machi. Hatukumwambia aache. Nilimpa daftari la shule, nikamwomba aandike saa ya kila sigara na namba moja kutoka sifuri hadi kumi: moyo una uzito gani sasa hivi. Aandike pia alasiri, wakati havuti. Baada ya wiki mbili tulikaa chini ya mkorosho na daftari lile.

"Mjomba," nilimwambia, "namba kubwa ziko wapi?"

Alipitisha kidole. "Alasiri. Na kabla ya daku."

"Na ulipokuwa makaburini Ijumaa ile?"

Alitazama. Pale makaburini, ambako alikuwa ametoka kufuturu na kuvuta, aliandika nne. Jana yake alasiri, ambapo hakukuwa na jambo lolote, aliandika nane. Alinyamaza muda. Kisha akasema, "Kumbe nikimlilia mke wangu nalia vizuri tu. Hii nyingine ni ya sigara."

Sikuwahi kusikia maelezo bora kuliko hayo. Kutenganisha huzuni na arosto ndiyo hatua ya kwanza, na hufanywa na mgonjwa mwenyewe kwa kalamu, si kwa mahubiri.

Siku ya kuacha aliipanga baada ya Idi, Aprili, ili aweze kutumia nikotini ya kutafuna mchana. Alama zake zilikuwa zimeshuka hadi 9. Mwanawe wa Temeke alinunua bigijii za nikotini za miligramu 4, kipimo cha wanaovuta mara tu wanapoamka. Bigijii hizi zina kanuni, na wengi huzitupa kwa kutoijua. Hazitafunwi kama pipi. Unatafuna taratibu mpaka ladha kali itokee, unaibana kati ya shavu na ufizi mpaka ladha ipotee, unatafuna tena, kwa takriban nusu saa. Nikotini huingia kupitia ngozi ya mdomo. Ukiimeza na mate inakuletea kwikwi na kichefuchefu. Na usinywe kahawa robo saa kabla au wakati unaitafuna, kwa sababu uchachu wa kahawa huzuia nikotini isipenye.

Kahawa ina jambo jingine, na pwani hii lazima tulizungumze. Moshi wa tumbaku hulifanya ini livunje kafeini haraka zaidi. Mvutaji akiacha, ini hurudi mwendo wake wa kawaida ndani ya siku chache, na vikombe vilevile sita vya barazani vinaacha kafeini nyingi zaidi kwenye damu. Mikono inatetemeka, moyo unadunda, usingizi unaruka, na mtu anasema nimeacha sigara nimepata wasiwasi. Mjomba alipunguza kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza. Njia hiyohiyo ya ini huvunja baadhi ya dawa za magonjwa makubwa ya akili, hasa klozapini na olanzapini. Anayezitumia asiache sigara kimyakimya. Amwambie tabibu wake kabla, kwa sababu kipimo kinaweza kuhitaji kupunguzwa. Kwa fluoksetini hili si tatizo.

Jambo la tatu lilikuwa kujaza mahali pa sigara. Mtu mwenye sonona ukimwambia afanye anachokipenda atakuambia hakuna, na hasemi uongo. Hivyo haulizwi anapenda nini. Anapangiwa kazi ndogo yenye saa, aifanye hamu iwepo isiwepo, kwa sababu katika sonona hamu hufuata kitendo. Mjomba alipalilia matuta mawili ya mihogo kila asubuhi baada ya alfajiri, saa ileile aliyozoea kuvuta mbili mfululizo. Alasiri alihamia baraza la msikitini, ambako bao linachezwa bila moshi. Tafiti zimeonyesha kwamba watu wenye sonona wakipewa msaada wa namna hii pamoja na msaada wa kuacha sigara, wanaofanikiwa huongezeka kuliko wakipewa wa sigara peke yake.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu. Alama zake zilipanda kutoka 9 hadi 11. Hapo ndipo ile sentensi ilirudi kwa nguvu zote, na shangazi yangu mmoja alimletea sigara mwenyewe, amezifunga kwenye khanga. Tulikuwa tumemwonya kuhusu hilo. Kupanda kidogo mwanzoni kunatarajiwa na hupita. Cha kuogopwa ni moyo kuendelea kushuka baada ya wiki ya nne, au wakati wowote ule mtu kuanza kufikiria kufa. Huyo hahitaji sigara, anahitaji tabibu siku hiyohiyo.

Kisha Mei ikaja na kimbunga Hidaya. Barabara ya Dar es Salaam ilikatika Somanga, mabasi yakakwama, na bigijii zake zikaisha. Alivuta sigara mbili katika siku hizo. Alinipigia simu akisema amerudi mwanzo. Hakuwa amerudi mwanzo. Sigara mbili ndani ya wiki tatu si sigara kumi na nne kwa siku, na daftari lilimwonyesha hivyo. Aliendelea. Julai, mnada wa ufuta ukiwa umechangamka, alama zake zilikuwa 5, na alikuwa hajavuta tangu Mei.

Mtu mmoja si ushahidi, najua. Ndiyo maana nataja utafiti wa EAGLES uliochapishwa mwaka 2016, wenye watu zaidi ya 8,000, nusu yao wakiwa na historia ya magonjwa ya akili. Miongoni mwa hao wenye magonjwa, waliopewa dawa iitwayo vareniklini walikuwa wameacha mwishoni mwa matibabu kwa asilimia 29, dhidi ya asilimia 11 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Wasio na magonjwa walifika asilimia 38. Kwa hiyo ni kweli kwamba kwa mwenye sonona kuacha ni kugumu zaidi. Lakini msaada sahihi uliongeza nafasi yake zaidi ya mara mbili, na madhara ya akili yaliyohofiwa hayakuongezeka kwa kiwango cha maana.

Nikotini ya tiba iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Sijaiona kwenye rafu ya zahanati yoyote niliyofanyia kazi. Sigara nimeiona mita hamsini kutoka kwenye geti la kila moja. Mjomba alifanikiwa kwa sababu ana mtoto Temeke. Asiye na mtoto Temeke tunamwambia nini? Tunamwambia avute, ana mawazo, na tunajiona wema.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenzangu wa koti jeupe ni swali moja la ziada kwa kila mgonjwa wa sonona: ya kwanza unavuta saa ngapi? Kwa wanaopanga dawa za zahanati, ni boksi la bigijii karibu na boksi la fluoksetini. Na kwa ninyi mnaosoma hapa, wengi wenu mna mjomba, kaka au rafiki wa hosteli anayevuta huku mkimwonea huruma. Mpelekeni daftari na kalamu. Mwambieni aandike saa na namba kwa wiki mbili, bila kuacha chochote. Halafu kaeni naye mlisome pamoja.